Namba zilizogeuka maandishi baada ya kubadilisha ripoti: dalili, visababishi na namna ya kurekebisha

Ripoti iliyotolewa kwenye PDF, kwenye ukurasa wa mtandao au kwenye mfumo wa zamani wa hesabu, ikishageuzwa kuwa lahajedwali, mara nyingi hufika ikiwa na namba zinazoonekana kamili machoni lakini programu inazichukua kama maandishi tu. Mwongozo huu unafuata dalili zinazolalamikiwa mara kwa mara, na kwa kila dalili unaanza na kisababishi cha kawaida zaidi. Hatua zimeandikwa kwa kufuata Excel, na majina ya menyu yametajwa kama yanavyosomeka kwenye skrini. Fomula zote zinatenganisha sehemu zake kwa koma, kwa hiyo kama kompyuta yako inatumia koma kwa desimali, weka nukta mkato badala yake.

Nitatumia mfano mmoja mdogo tangu mwanzo hadi mwisho. Ripoti ilikuwa na mistari sita ya malipo, na chini yake pamechapishwa jumla ya 12,480.50. Baada ya kugeuzwa, safu ya B ilisomeka hivi:

```
B2   4,200.00
B3   1,850.50
B4   960.00-
B5   3,75O.00
B6   2,640.00
B7   1,000.00 
```

Kabla ya kugusa chochote, fanya mambo mawili. Kwanza, hifadhi nakala ya faili kama lilivyotoka kwenye ubadilishaji, na usiifungue tena isipokuwa umepotea. Pili, andika pembeni ile jumla iliyochapishwa kwenye ripoti ya asili. Hiyo ndiyo shahidi wako pekee anayetoka nje ya faili, na bila yeye huwezi kujua kama ulichotengeneza ni sahihi au ni nadhifu tu.

## Dalili ya kwanza: jumla inatoa 0

Umeandika `=SUM(B2:B7)` na jibu ni 0, ingawa namba unaziona. Sababu ni kwamba SUM, ikipewa eneo la seli, huruka maandishi yote bila kulalamika. Ajabu inayowachanganya wengi ni kwamba `=B2+B3` inatoa jibu sahihi, yaani 6,050.50, kwa kuwa alama ya kujumlisha huilazimisha Excel kujaribu kuyasoma maandishi kama namba. Ukiona tofauti hiyo kati ya SUM na alama ya kujumlisha, huna haja ya kutafuta tena: seli zako ni maandishi.

Uthibitisho mwepesi ni kuhesabu seli zenye kitu na kuondoa zile zenye namba halisi:

```
=COUNTA(B2:B7)-COUNT(B2:B7)
```

Katika mfano wetu jibu ni 6, yaani hakuna hata seli moja iliyo namba. Fomula hii iache kwenye karatasi muda wote wa kazi, maana lengo ni kuiona ikishuka hadi 0. Usitegemee mpangilio wa seli kukuambia hali ilivyo. Ni kweli kwamba kwa kawaida maandishi hukaa kushoto na namba hukaa kulia, lakini programu nyingi za kubadilisha ripoti husogeza kila kitu kulia ili kifanane na ukurasa wa asili. Pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli nayo inaweza kukosekana, kwa sababu onyo hilo linaweza kuzimwa.

Kisababishi cha kawaida zaidi ni kwamba seli zilipokea namba zikiwa tayari zimewekwa mfumo wa Text. Hapa wengi hubadilisha mfumo kuwa Number, wanaona hakuna kilichotokea, na wanadhani faili limeharibika. Halijaharibika. Kubadilisha mfumo huathiri namna ya kuonyesha thamani na kitakachoingizwa baadaye. Kilichokwisha kuingia kama maandishi hubaki maandishi mpaka kiingizwe upya.

Njia ninayoipendelea ya kuingiza upya safu nzima ni hii. Chagua safu moja, weka mfumo wa General, nenda kwenye kichupo cha Data, bofya Text to Columns, acha Delimited, bofya Next, ondoa alama zote za kutenganisha ili safu isigawanyike, kisha bofya Finish. Excel itaisoma kila seli upya kana kwamba umeiandika kwa mkono. Njia hii hushughulikia safu moja kwa wakati, jambo ambalo mimi naliona ni faida, kwa sababu linakulazimisha uamue kuhusu kila safu peke yake.

Kama seli zina pembetatu ya kijani, unaweza kuzichagua zote, ukabofya alama ya onyo na kuchagua Convert to Number. Njia ya tatu inayofundishwa sana ni kunakili seli yenye 1 na kuibandika kwa Paste Special ukichagua Multiply. Inafanya kazi, lakini seli zilizokuwa tupu ndani ya eneo ulilochagua hujazwa 0, na katika ripoti ambayo utupu una maana yake, kwa mfano "bado haijalipwa", utakuwa umeandika taarifa mpya isiyokuwepo.

Ikiwa fomula ya COUNTA na COUNT inaonyesha 0 na bado jumla haibadiliki, tatizo si maandishi. Angalia kwenye kichupo cha Formulas, chini ya Calculation Options, kama hesabu imewekwa Manual, na uirudishe Automatic.

## Dalili ya pili: jumla inatoka, lakini ni pungufu

Hii ndiyo dalili inayonitia wasiwasi kuliko zote. Jumla ya 0 kila mtu huiona. Jumla pungufu kidogo hupita mezani hadi mezani bila kuulizwa.

Baada ya kutumia Text to Columns kwenye mfano wetu, SUM ilitoa 7,730.50. Namba ilionekana ya kuaminika kabisa, na mtu mwenye haraka angefunga faili hapo. Lakini jumla iliyochapishwa ni 12,480.50, kwa hiyo zimepotea 4,750.00, na fomula ya kuhesabu ilionyesha kuwa seli 2 bado ni maandishi. Kuzipata ni rahisi: chagua B2:B7, bonyeza F5, kisha Special, chagua Constants, na chini yake uache alama kwenye Text pekee. Excel itachagua seli zilizokataa kugeuka. Kwetu zilikuwa B5 na B7.

Nafasi isiyoonekana. Hiki ndicho kisababishi cha kawaida zaidi cha seli inayokataa kugeuka, hasa kwa ripoti iliyopitia kwenye ukurasa wa mtandao. Pima urefu wa seli:

```
=LEN(B7)
```

Maandishi `1,000.00` yana herufi 8 ukihesabu koma na nukta, lakini LEN ilitoa 9. Kuna kitu cha tisa kisichoonekana. Kwa kuwa mara nyingi hujificha mwishoni, muulize Excel ni kitu gani:

```
=UNICODE(RIGHT(B7,1))
```

Jibu likiwa 32, hiyo ni nafasi ya kawaida. Likiwa 160, kama ilivyokuwa kwetu, hiyo ni nafasi ya aina nyingine, ambayo kurasa za mtandao huitumia kuzuia maneno yasiachane mwishoni mwa mstari. Hapa ndipo watu hupoteza saa nzima, kwa sababu hutumia TRIM au CLEAN na kuona hazifanyi kitu. TRIM huondoa nafasi namba 32 tu, na CLEAN huondoa alama za udhibiti kuanzia 0 hadi 31. Hakuna kati yao inayoigusa 160. Dawa yake ni kuitaja kwa jina lake, katika safu ya pembeni:

```
=NUMBERVALUE(SUBSTITUTE(B7,UNICHAR(160),""),".",",")
```

NUMBERVALUE, iliyopo tangu Excel 2013, inasoma maandishi kuwa namba huku wewe mwenyewe ukiiambia kwamba desimali ni nukta na maelfu yanatengwa kwa koma, badala ya kuiachia ikisie kutokana na kompyuta. Kuwa mwangalifu na jambo moja: ikipewa maandishi matupu hutoa 0 badala ya kosa. Ukimaliza, nakili safu ya pembeni na uibandike juu ya safu ya asili kwa Paste Special, ukichagua Values.

Kama seli za namna hiyo ni nyingi, unaweza pia kufungua moja, kunakili ile nafasi yenyewe, kuibandika kwenye kisanduku cha Find what, kuacha Replace with ikiwa tupu, na kubadilisha zote. Hakikisha kwanza mfumo wa safu ni General, la sivyo nafasi itaondoka na maandishi yatabaki maandishi.

Baada ya B7 kutengenezwa, jumla yetu ilipanda hadi 8,730.50 na upungufu ukawa 3,750.00.

Herufi iliyojifanya tarakimu. Kama ripoti ilikuwa karatasi iliyopigwa picha au kupitishwa kwenye skana, programu ya kutambua maandishi huweza kusoma sifuri kama herufi O, moja kama herufi l ndogo, na tano kama S. Urefu wa B5 ni 8, sawa na unavyotarajiwa, na jicho halioni kasoro. Basi chunguza herufi inayotiliwa shaka, ambayo hapa ni ya tano:

```
=UNICODE(MID(B5,5,1))
```

Sifuri halisi ni 48. Sisi tulipata 79, yaani herufi O kubwa. Seli hii irekebishwe kwa mkono, ripoti ya asili ikiwa wazi pembeni. Baada ya hapo SUM ilitoa 12,480.50, sawasawa na ilivyochapishwa, na fomula ya kuhesabu ikashuka hadi 0. Mambo hayo mawili kwa pamoja ndiyo kipimo cha kuwa kazi imekwisha. Moja pekee halitoshi.

Simama hapa kama unakuta herufi za namna hii katika mistari mingi. Usibadilishe O zote kuwa 0 kwa amri moja, kwani skana iliyokosea kwa kuandika herufi inaweza pia kuwa imekosea kwa kuandika tarakimu nyingine, mfano 8 mahali pa 3, na kosa hilo litageuka namba bila kizuizi chochote. Katika hali hiyo omba wenye mfumo wakutolee ripoti upya moja kwa moja katika faili la data, au mpe kazi mtu wa hesabu ailinganishe mstari kwa mstari.

## Dalili ya tatu: jumla imezidi

Ziada ikiwa sawa kabisa na jumla yenyewe, yaani kwetu tungepata 24,961.00, basi mstari wa jumla uliochapishwa kwenye ripoti umeingia ndani ya eneo la SUM. Kabla ya kutengeneza safu ulikuwa maandishi na haukuhesabiwa; sasa umekuwa namba. Ripoti ndefu huwa na jumla ndogo mwishoni mwa kila ukurasa, kwa hiyo chuja mistari yenye neno la jumla na uitoe kwenye hesabu.

Ziada ikiwa ndogo, igawanye kwa mbili na utafute matokeo hayo kwenye safu. Kama tungeipoteza alama ya kutoa kwenye B4, jumla ingekuwa 14,400.50. Ziada yake ni 1,920.00, na nusu yake ni 960.00, ambayo ndiyo namba ya B4 yenyewe. Namba hasi iliyogeuka chanya hupotosha jumla mara mbili ya ukubwa wake, na ndiyo maana kipimo cha kugawanya kwa mbili hufanya kazi.

Chanzo cha kawaida ni mifumo ya zamani inayoandika alama ya kutoa nyuma ya namba, kama `960.00-`. Text to Columns inaielewa, mradi kwenye hatua ya tatu, chini ya Advanced, kisanduku cha Trailing minus for negative numbers kiwe na alama. Hatari hutoka kwa mtu anayefuta alama zote za `-` ili seli zigeuke. Ukitaka kutumia fomula, itumie hii, ambayo huhamisha alama badala ya kuifuta:

```
=IF(RIGHT(B4,1)="-",-NUMBERVALUE(LEFT(B4,LEN(B4)-1),".",","),NUMBERVALUE(B4,".",","))
```

Mara chache zaidi alama yenyewe si kistari cha kawaida, chenye namba 45, bali ni alama ya kihisabati yenye namba 8722. Igundue kwa UNICODE na uibadilishe kwa SUBSTITUTE kabla ya yote.

Simama hapa kama namba zinaambatana na herufi CR au DR. Katika ripoti moja CR huenda inapaswa kuwa hasi na katika nyingine chanya, kutegemea ripoti imeandikwa kwa upande wa nani. Huo ni uamuzi wa mhasibu mwenye ripoti, na lahajedwali haiwezi kuufanya.

## Dalili ya nne: namba zimegeuka, lakini nyingine ni ndogo mara elfu

Ripoti ilikuwa na `1.234` ikimaanisha elfu moja mia mbili thelathini na nne, na sasa Excel inasema ni moja na sehemu ya desimali. Ripoti imeandikwa kwa mtindo wa nukta kwa maelfu na koma kwa desimali, wakati kompyuta yako inatumia mtindo wa kinyume. Ubaya ni kwamba hutokea nusunusu: `1.234` hugeuka kwa thamani isiyo sahihi, na `1.234,56` hubaki maandishi, hivyo unakuwa na makosa mawili tofauti katika safu moja.

Usijaribu kuzidisha kwa 1,000 zile zilizopungua, kwa sababu hutajua zipi zilikuwa na desimali za kweli. Rudi kwenye nakala uliyohifadhi, chagua safu ambayo bado ni maandishi, fungua Text to Columns, na katika Advanced weka koma kwenye Decimal separator na nukta kwenye Thousands separator. Kama hata faili la kwanza lilifunguka likiwa limeshakosea, tatizo lilianza wakati wa ubadilishaji, na ripoti inabidi igeuzwe upya.

## Dalili ya tano: mpangilio unatoka 1, 10, 100, 2, 25

Huo ni mpangilio wa maandishi, ambao hulinganisha herufi ya kwanza, kisha ya pili. Ukiona sehemu ya juu imepangwa vizuri kama namba na kundi jingine limeanza upya chini yake, safu ni mchanganyiko: Excel, ikipanga kutoka ndogo kwenda kubwa, hutanguliza namba kisha maandishi. Rudi kwenye dalili ya pili.

Unapopanga, Excel huweza kukuuliza kama ipange vinavyofanana na namba kama namba, kwa maneno Sort anything that looks like a number, as a number. Ukikubali, orodha itakaa sawa, lakini seli zitabaki maandishi na SUM itaendelea kuziruka. Nashauri uchukulie swali hilo kuwa ni taarifa ya ugonjwa, ulifunge dirisha na ukatengeneze safu kwanza.

Onyo kubwa zaidi liko hapa: ukichagua safu moja tu na kupanga, Excel itakuuliza kama ipanue eneo. Chagua Expand the selection. Ukipanga safu ya kiasi peke yake, kila kiasi kitahama kutoka kwa mwenye nacho, na jumla itabaki sahihi, kwa hiyo hakuna kipimo chochote cha jumla kitakachokuonyesha. Ukigundua baada ya kuhifadhi na kufunga, usijaribu kuunganisha upya kwa kukumbuka. Rudi kwenye nakala.

## Safu ambazo hazipaswi kugeuzwa

Namba za akaunti, za simu, za vitambulisho na misimbo ya bidhaa ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Hakuna anayezijumlisha, na kuzigeuza kunazidhuru. Sifuri za mwanzo hupotea, na `00471` huwa 471. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, kwa hiyo namba ya akaunti yenye tarakimu 16 itapoteza ya mwisho na kuwekewa 0. Msimbo kama `3-12` utageuka tarehe. Kuweka mfumo wa Text baadaye hakurudishi kilichopotea. Safu hizi ziache kama zilivyo, na kama zinapangika vibaya kwa sababu urefu wake unatofautiana, tengeneza safu ya pembeni ya kupangia.

Simama hapa kama namba za akaunti tayari zinaishia na 0 zote kwenye faili lililotoka kwenye ubadilishaji, na malipo yanatarajiwa kufanywa kwa faili hilo. Mjulishe mwenye mfumo kabla faili halijaenda mbele.

## Ripoti ileile inapokuja kila mwezi

Kutengeneza kwa mkono kila mara kunakaribisha makosa. Kama unapata faili la CSV, usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Nenda kwenye Data, kisha From Text/CSV, kisha Transform Data, ambayo hufungua Power Query, sehemu ya Excel ya kuandaa data. Futa hatua ya Changed Type ambayo Power Query huiongeza yenyewe, kwa kuwa tayari imeshakisia aina za safu. Kisha bofya kichwa cha safu ya kiasi kwa kitufe cha kulia, chagua Change Type, halafu Using Locale, na uchague nchi ambayo mtindo wake wa nukta na koma unafanana na wa ripoti. Safu za akaunti zipe aina ya Text. Seli isiyosomeka itaonyesha neno Error kwenye dirisha la Power Query badala ya kurukwa kimya, na mwezi unaofuata, ukibadilisha faili na kubofya Refresh, hatua zote zitajirudia zenyewe. Jumla iliyochapishwa bado uilinganishe kila mwezi, kwani CSV nayo hutoka kwenye mfumo uliowekwa na watu, na mpangilio wake unaweza kubadilishwa bila wewe kuambiwa.